Hotuba ya mwenyekiti kwenye mkutano mkuu wa mwaka: Hali ya sanduku letu na mgawanyo wa Desemba



Leo tumefika juma la 48 tangu tulipofungua sanduku, na mgawanyo uko mbele yetu, juma la pili la Desemba. Njo maana komite tunapenda mjue hesabu sasa, wakati bado kuna kitu cha kufanya.

Tuanze na kese ya kijani, ile ya akiba na mikopo. Tuko wanamemba 62. Hisa moja ni franka 2,000, na kila mtu ana ruhusa ya kununua hisa moja mpaka tano kwa juma. Mwaka huu mmenunua hisa 7,140, ni kusema franka 14,280,000. Riba iliyoingia ni franka 1,386,000. Tunasema iliyoingia. Riba ambayo mtu bado hajaleta hatuihesabu, hata kama ameahidi mbele ya wazee. Jumla ni franka 15,666,000.

Sasa, pesa hizo ziko wapi? Jana mbele ya wale watatu wanaoshika funguo tulihesabu ndani ya sanduku franka 4,212,000. Zingine, franka 11,454,000, ziko mikononi mwa wanamemba. Kuna waliosema huko sokoni eti sanduku limeliwa. Halijaliwa. Pesa ya mkopo inatakiwa kuwa nje, ikilala sandukuni haizai. Shida iko kwingine: katika hizo zilizo nje, franka 1,870,000 zimepita miezi mitatu ya kanuni. Ziko kwa watu watano.

Mnaweza kuona ni kidogo, juu ni watu watano tu katika 62. Tuwaonyeshe inamaanisha nini kwa kila mmoja. Ukigawa franka 15,666,000 kwa hisa 7,140, kila hisa inarudi na franka 2,194. Mwenye hisa 100, aliyeweka franka 200,000, anatoka na 219,400. Sasa toa zile 1,870,000. Zinabaki 13,796,000, na hisa inarudi na franka 1,932. Mama yule wa hisa 100 anapata 193,200. Aliweka 200,000, alikuja kila juma na mvua, hakukopa hata siku moja, na anarudi nyumbani na pungufu ya ile aliyoleta! Riba yote ya mwaka imekwisha, na mtaji umeguswa.

Tunajuaje kama deni linaanza kuharibika? Si siku ile miezi mitatu inapokwisha. Linaonekana mbele. Mtu analeta riba peke yake, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na deni lenyewe halishuki. Kisha anaanza kukosa siku ya mkutano na kutuma mtoto na kitabu. Mwingine anaomba deni jipya ili alipe la zamani, na kwenye daftari inaonekana kama amelipa, kumbe sanduku limejilipa lenyewe.

Mwenzetu mmoja katika hao watano ametukubalia tueleze mambo yake bila kutaja jina. Alichukua franka 300,000 mwezi wa nne, kwa wavu na taa. Kwa riba yetu ya 5 kwa mia, kila mwezi alipaswa kuleta 15,000 na kupunguza deni. Alileta 15,000 mara tatu, akanyamaza. Tulipokaa naye tukaona kwamba hakimbii. Ndagala wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mitumbwi inalala kwenye mchanga. Sisi tulimpangia kulipa tarehe ileile kila mwezi, kama mtu wa mshahara. Sasa tumekubaliana analeta kidogo kidogo katika majuma ya giza, na katika majuma ya mwangaza hatumuulizi. Tangu tupange hivyo ameleta franka 100,000. Komite tunaomba mpango kama huo uandikwe kwenye kanuni kwa wavuvi wote. Wa mihogo na karanga wana majira yao pia, tutawasikiliza.

Hayo ni ya madeni. Ya kuweka akiba tutasema wazi zaidi, juu wengi hapa wanafikiri akiba ni shauri la kila mtu na nyumba yake.

Kumbukeni mwanzo wa Septemba. Masomo yanafunguliwa, na wakati huohuo watu wanatafuta mbegu na vibarua wa kulima. Tulipokea maombi 19, jumla franka 6,300,000. Sandukuni mlikuwa na 2,400,000. Zilikosekana franka 3,900,000. Tuligawanya kwa shida, wengine wakapata nusu, na wengine wakaenda kukopa kwa watu wa mtaani, ambako unaacha velo au bati za nyumba kuwa dhamana. Lawama zilikuja kwa komite. Lakini tazameni daftari la Juni, Julai na Agosti: hapo ndipo wengi wanashuka kununua hisa moja, na ni miezi ile ambayo mavuno yameuzwa na pesa iko mkononi.

Tupige hesabu. Kila mmoja wetu angeongeza hisa moja tu kwa juma katika majuma 12 yale, tungekuwa na franka 1,488,000 zaidi. Mikopo ya Aprili na Mei iliyokwama ingerudi kwa wakati, ni 1,870,000 zingine. Pamoja ni 3,358,000. Zingekosekana 542,000 peke yake, na hizo tungejua kuzigawanya bila kumtuma mtu kwa watu wa mtaani.

Kuna anayesema: mimi pesa yangu naificha nyumbani, iko salama. Haya. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Aliyeficha franka 930,000 alikuwa na dola 1,000. Mwisho wa 2017 franka zilezile hazikufika dola 600, na hakuna mwizi aliyeingia. Sanduku letu nalo linashika franka, hatuwadanganyi, lakini linagawanywa kila mwaka na pesa inazaa ikiwa kazini.

Kese nyekundu ya msaada, kwa ufupi: mmechanga franka 1,301,000. Misiba mitatu, wagonjwa wanane na wazazi wanne wamechukua 1,130,000. Zimebaki 171,000. Msiba mmoja ni 150,000, kwa hiyo ukija wa pili kabla ya Desemba hatuna. Kuna waliopendekeza tuchote kwenye kijani. Komite tunakataa: pesa ya kijani ina mwenyewe, imeandikwa hisa kwa hisa. Kila mwanamemba alipaswa kuchanga 500 kwa juma, yaani 1,488,000 kwa majuma 48. Wanaodaiwa wamalize zile 187,000.

Sasa tupige kura kwa mkono juu ya mambo mawili: mpango wa wavuvi, na hisa mbili kwa uchache kuanzia Juni mpaka Agosti. Kisha wenye funguo waje mbele, sanduku lifunguliwe, na mwekahazina asome kila kitabu kwa namba yake. Asiyekubali hesabu yake aseme hapahapa.