Kichupa Kimebaki na Kiasi Gani?



Sahihi tano mnazijua: mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati. Leo nataka kuipinga sentensi moja ninayoikuta kila muhula katika kazi za wanafunzi: "Nilikiuka dozi sahihi, nitakuwa makini zaidi." Wapo walimu wanaoipa alama zote, wakishikilia kwamba azifuataye sahihi tano hawezi kukosea. Sikubaliani nao. Sahihi tano zinataja tunakotaka kufika. Haziuelekezi mkono njiani.

Nikiwa mwanafunzi katika hospitali moja ya Bonde la Ufa, niliandaa jentamisini ya mtoto wa siku tatu mwenye kilo 3. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa matibabu ya watoto ni kijitabu ninachokipenda kuliko vitabu vinene, kwa kuwa hukuuliza uzito na umri kabla ya kukupa dozi. Mtoto wa wiki ya kwanza mwenye kilo 2 au zaidi hupewa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa saa 24. Wangu alistahili miligramu 15.

Kichupa kilikuwa na miligramu 80 ndani ya mililita 2. Desturi ya wodi ilikuwa kuizimua dawa yote hadi mililita 8, ili kila mililita iwe na miligramu 10. Hapo miligramu 15 ni mililita 1.5. Usiku ule nilivuta mililita 1.5 kabla ya kuzimua. Bombani mlikuwa na miligramu 60, mara nne ya dozi.

Zipitieni sahihi tano. Mtoto ni yeye, dawa ni hiyo, njia na saa ni zilezile, na dozi niliyoisoma kwa sauti ilikuwa 15. Ningetia alama zote tano kwa moyo mweupe. Wala mtoto asingelia papo hapo, maana jentamisini iliyozidi huumiza figo na masikio kimyakimya.

Muuguzi wa zamu aliniuliza, "Mwanangu, kichupa kimebaki na kiasi gani?" Kilibaki na nusu mililita. Kama ningezimua, zingebaki mililita 6.5.

Kazi ya mwanafunzi juu ya kosa lililozuiwa ieleze hayo: ni hatua gani iliyorukwa, ni nini kilichoizuia dawa isimfikie mtoto, na kama kizuizi hicho kingekuwapo kesho. Changu kilikuwa swali la muuguzi mmoja. Zamu yake ikiisha, linaondoka naye.

Wenzangu hupendekeza wauguzi wawili wapige hesabu kila mmoja peke yake. Ni sawa, ila usiku mara nyingi muuguzi ni mmoja. Ndiyo maana bado nashikilia plasta: kabla ya kuvuta dozi, ibandike kwenye dawa uliyozimua na uandike "miligramu 10 kwa mililita". Huwezi kuyaandika hayo kwa ukweli juu ya dawa ambayo hujaizimua.