Maandishi Yanayosomwa kwa Nyuma



Lugha yetu inaviita kwa jina moja, kioo, vitu viwili vilivyo tofauti: kile tunachopenyeza macho kutazama nje, na kile tunachojitazamia nyuso zetu. Leo tunaomba kusema juu ya mahali ambapo vitu hivyo viwili vinakutana, nalo ni dirisha la duka lililopigwa picha kutoka ndani.

Katika Soweto ya Mbeya, kama katika kila mji wetu, mwenye duka huandika kwenye kioo cha mbele ili asomwe na mpita njia. Aliye ndani huyaona maandishi hayo kwa mgongo wake. Si kwamba kioo kimegeuza kitu. Sisi ndio tumesimama upande wa pili. Basi mpiga picha akiwa kaunta, herufi zitatoka zimegeuka, ya kwanza ikiwa mwisho, ilhali watu walio barabarani watatoka sawasawa kama walivyo.

Mama mmoja mjane alituletea picha ya namna hiyo. Marehemu mumewe alikuwa na fremu ya kuuzia vitambaa. Ndugu wa marehemu walishikilia kuwa fremu yake ilikuwa namba 55, ambayo ilikwisha kuuzwa. Mama alisema ni 22, ambayo bado ipo. Na picha, ole, ilionekana kuwapa ushindi ndugu: kwenye kioo ilisomeka wazi 55.

Tuliisoma taratibu. Juu ya namba palikuwa na mstari mrefu zaidi, nao ulianza hivi: AABMATIV. Ziko herufi ambazo upande wake wa kushoto unafanana na wa kulia, kama vile A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y. Hizi hazibadiliki zikionekana kwa nyuma. Ndiyo maana katika neno lile herufi moja tu, B, ilikuwa na matumbo yake upande wa kushoto, na jicho lenye haraka lingeipita bila kuiona. Tukisoma kuanzia kulia tunapata VITAMBAA. Kwa hiyo anayetaka kujua kama maandishi yamegeuka asitazame A wala M; atafute B, D, E, K, L au R.

Basi namba nayo imegeuka. Hapo ndipo penye mtego. Namba za dirisha lile zilikuwa za utepe ulionyooka, zenye pembe kali bila mviringo. Mbili ya namna hiyo ikionekana kwa nyuma huwa tano kamili, na tano huwa mbili. 22 ya nje husomeka 55 kutoka ndani. (Kumbe 25 ingebaki 25, na hakuna ambaye angegombana.) Kama fundi angetumia brashi, mbili ingekuwa na kichwa cha mviringo na kitako kilichonyooka, nayo hata ikigeuzwa haiwezi kudhaniwa tano, kwa maana tano ina kichwa kilichonyooka na tumbo la mviringo.

Kijana mmoja wa familia aliigeuza picha juu chini, akasema bado ni 55. Ni kweli, lakini kuzungusha si kugeuza: tano mbili za pembe zikizungushwa nusu duara hubaki tano mbili. Kinachohitajika ni kioo kidogo cha kujitazamia, kisimamishwe wima kwenye ukingo wa kulia wa picha. Tulifanya hivyo, na mle ndani ya kioo VITAMBAA ikasomeka kutoka kushoto, na chini yake 22.

Ndugu waliuliza swali ambalo kwa maoni yetu lilikuwa la haki: je, kama picha yenyewe ilisafishwa kinyume, hasi ikiwa imelazwa kwa upande usio wake? Katika hali hiyo kila kitu kingegeuka, na maandishi ya kioo yaliyopigwa kutoka ndani yangesomeka vizuri. Tukatafuta maandishi mengine. Ukutani, kando ya dirisha, ilining'inia kalenda, nayo ilisomeka sawasawa. Nje, magari yalishika kushoto. Mtu aliyesimama mlangoni akitutazama alikuwa na mfuko wa shati upande wetu wa kulia, yaani kwenye titi lake la kushoto, kama mashati mengi yanavyoshonwa. Picha ilikuwa nzima. Kioo tu ndicho kilichoonekana kwa nyuma.

Tulimwambia mama asibebe picha peke yake kwenye baraza, bali achukue na kile kioo kidogo, na mkataba wa pango kama upo. Picha inaonyesha namba iliyokuwa kwenye dirisha siku ile. Nani alikuwa mwenye fremu, hilo linasemwa na mkataba.