Kuchuja Barua 312 za Kuomba Kazi kwa Jedwali la Alama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Mlituuliza hivi: barua za kuomba kazi zikifika mamia, kamati itazichuja namna gani pasipo kupendelea mtu, na pasipo kukaa wiki mbili? Tutaeleza njia ya jedwali la alama kwa mfano mmoja. Tuseme nafasi ni moja ya karani wa stoo, barua zilizofika ni 312, nasi twataka kuwaita watu 8 waje kuulizwa maswali.

Jedwali ni karatasi iliyopigwa mistari. Kila barua ina mstari wake, na kila sifa inayotakiwa ina safu yake. Safu hizo zaandikwa kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, tena zatoka katika tangazo la kazi lenyewe. Kama hatukutangaza leseni ya kuendesha gari, hatuwezi kumpa mtu alama kwa kuwa nayo, maana pengine wengine 50 wanayo ila hawakuona sababu ya kuitaja.

Kisha karani asiye wa kamati aandike namba juu ya kila barua na kufunika jina na mahali pa kuzaliwa. Kwetu Kenya jina la baba latosha kutaja kabila, na jicho likishaliona haliwezi kulisahau.

Ndipo kamati huanza na mlango. Mlango hauna alama, ni ndiyo au hapana tu: je, ana cheti cha kidato cha nne? Je, amefanya kazi ya stoo miaka miwili? Barua moja yataka dakika moja, na watu wawili wakigawana, kazi yaisha kwa muda wa saa mbili na dakika 36. Tuseme zimebaki barua 84. Hapo mmoja atasema, "Bado ni nyingi, tuwaondoe wanawake kwa kuwa magunia ni mazito." Akataliwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza kumbagua hata mtu ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi.

Zile 84 sasa zapewa alama, tangu 0 hata 3, katika safu tatu: kuandika leja, kuhesabu mali, na kutumia kompyuta. Lakini ni lazima maana ya kila alama iandikwe, ama sivyo 2 ya mtu mmoja itakuwa 3 ya mwenziwe. Sisi twasema: 0, hakutaja, 1, ametaja neno tu, 2, ameeleza kazi aliyoifanya, 3, ameeleza kazi, mahali na kiasi, hata twaweza kwenda kuuliza kama ni kweli.

Safu hazilingani uzito. Leja ndiyo roho ya kazi hii, basi alama yake yazidishwa kwa 3, kuhesabu mali kwa 2, na kompyuta kwa 1. Tazameni matokeo yake. Barua namba 47 imepata leja 3, kuhesabu mali 1, kompyuta 0. Hiyo ni 9 na 2 na 0, jumla 11. Namba 120 imepata leja 1, kuhesabu mali 2, kompyuta 3, yaani 3 na 4 na 3, jumla 10. Bila uzito, namba 120 angeshinda kwa 6 juu ya 4. Kwa hiyo anayebadili uzito baada ya kusoma barua amekwisha kumchagua mtu wake.

Watu wawili wasome barua zote 84, kila mmoja peke yake, wala wasioneshane karatasi. Kumi za kwanza tu wazisome pamoja ili wapatane juu ya maana ya alama. Mwishoni wakitofautiana kwa alama moja, ichukuliwe ya katikati. Wakitofautiana kwa 2 au zaidi, barua ifunguliwe tena, kwa kuwa mmoja ameruka mstari. Tena safu ambayo karibu wote wamepata 2 haikuchuja kitu. Ikumbukwe wakati wa kuandika tangazo lingine. Kama wa 8 na wa 9 wamefungana, waitwe wote wawili. Kiti kimoja zaidi ni rahisi kuliko ugomvi.

Jedwali halijui ila yaliyoandikwa. Stoo hodari asiyejua kujieleza atapata 1, na mvivu aliyeandikiwa barua na mwingine atapata 3. Kwa sababu hiyo jedwali laamua nani aitwe, haliamui nani aandikwe kazi; wale 8 wapewe leja na kalamu mbele ya kamati.

Karatasi zote zifungiwe kabatini pamoja na barua. Namba 120 akija kuuliza, aoneshwe mstari wake: leja 1, kwa kuwa aliandika neno "leja" na hakusema zaidi.