MALI KAULI KWA CHAMA KICHANGA
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama wanachama



Wafanyabiashara wana neno lao la zamani: mali kauli. Maana yake ni bidhaa inayotolewa leo na kulipwa baadaye, kwa ahadi ya mnunuzi. Chama kilichodumu miaka kumi hupewa mali kauli bila maswali mengi, kwa sababu muuzaji amekwisha kuiona kauli yake ikitimia. Chama kilichosajiliwa miezi mitatu iliyopita hakina kauli iliyowahi kupimwa. Mazungumzo haya yanahusu chama hicho kichanga, na yanakusudia kuonyesha kwamba muuzaji wa jumla hashawishiki kwa maombi wala kwa cheti cha usajili. Hushawishika kwa hesabu inayomwonyesha fedha yake itatoka wapi, na siku gani.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha wafugaji wa kuku kinachofungua duka la vyakula vya mifugo. Kina mtaji wa hisa wa shilingi 4,000,000. Kiwanda kinauza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 70,000, ukiwa umefikishwa ghalani, na chama kitauza kwa shilingi 76,000. Wanachama wanahitaji mifuko 80 kwa mwezi, yaani mzigo wa shilingi 5,600,000. Fedha haitoshi, na hata hiyo iliyopo haiwezi kwenda yote kiwandani, kwa kuwa kuna kodi ya ghala na mshahara wa muuza duka.

Katibu asiye na uzoefu huandika barua siku ya kwanza kuomba mifuko yote 80 kwa mkopo wa siku 60. Jibu huwa ni hapana. Muuzaji ana hofu mbili: hamjui mnunuzi, na hajui kama bidhaa itauzika. Barua hiyo haikujibu hata moja.

Katibu mwenye busara huanza kwa fedha taslimu. Hununua mifuko 50 kwa shilingi 3,500,000, na kila mfuko unaotoka huuandika katika daftari la ghala pamoja na tarehe yake. Tuseme mifuko hiyo ilikwisha kwa siku 18, yote kwa fedha mkononi. Sasa chama kina kitu ambacho hakikuwa nacho: mwendo wa mauzo unaojulikana, karibu mifuko mitatu kwa siku. Daftari hilo, pamoja na stakabadhi za benki zinazolingana nalo, ndiyo historia ya chama, ingawa ni ya siku 18 tu.

Ndipo katibu na mwenyekiti wanapokwenda kiwandani wakiwa na daftari mkononi. Wanaomba mifuko 80, nusu ilipwe papo hapo, yaani shilingi 2,800,000, na nusu ilipwe baada ya siku 30. Hoja yao ni hii. Deni la shilingi 2,800,000 hulipika kwa mauzo ya mifuko 37. Kwa mwendo uliokwisha kuonekana, mifuko hiyo itauzwa kwa muda wa wiki mbili. Hata mauzo yakipungua kwa nusu, katika siku 30 itauzwa mifuko isiyopungua 40, na deni litalipika. Muuzaji akisikia maneno hayo anaona kwamba mnunuzi amekwisha kuifikiria hatari kabla yake.

Hapo kiwanda huweza kukubali, lakini kwa bei nyingine: shilingi 73,000 kwa mfuko wa mkopo. Wengi hutia saini kwa furaha, wasitambue kwamba wamenunua fedha. Ikiwa bei hiyo itatumika kwa mifuko yote 80, nyongeza ni shilingi 240,000. Faida ya mzigo wote ilikuwa shilingi 480,000, hivyo nusu yake imekwenda. Na mkopo wenyewe ni wa shilingi 2,800,000 kwa mwezi mmoja, basi kila shilingi 100 iliyokopwa inalipiwa zaidi ya shilingi 8 kwa mwezi. Katibu na aulize daima bei mbili, ya taslimu na ya mkopo, kisha adai kwamba mifuko 40 iliyolipiwa ihesabiwe kwa bei ya taslimu. Nyongeza hushuka kuwa shilingi 120,000, na deni huwa shilingi 2,920,000, ambalo bado hulipika kwa mifuko 39. Bila shaka ni gharama, lakini inachukulika, nayo ndiyo ya kwanza kujadiliwa upya mzigo wa tatu utakapofika.

Makubaliano yaandikwe, hata yakiwa ya ukurasa mmoja. Jambo linalosahauliwa sana ni siku ya kuanza kuhesabu. Ankara ikiandikwa tarehe 1 na lori likafika tarehe 9, chama kimepoteza siku 8 za mauzo. Iandikwe kwamba siku 30 zinaanza siku mzigo unapopokelewa na kutiwa saini ghalani, na kwamba mifuko iliyolowa au kuota ukungu itakataliwa siku hiyo hiyo na kupunguzwa katika deni.

Baadhi ya wauzaji hutaka dhamana ya mtu binafsi, kwa kawaida mwenyekiti. Ikibidi, dhamana hiyo itaje kiasi chake na tarehe ya mwisho wake. Dhamana isiyo na kikomo humfuata mtu hata baada ya kutoka madarakani. Hundi ya tarehe ya mbele nayo isitolewe kwa matumaini tu, kwa maana ikirudishwa na benki, jina jema la chama limekwisha kabla halijaanza. Aidha, kabla ya kutia saini, Bodi ihakikishe kwamba deni limo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Mpango huu una adui mmoja, naye yumo ndani ya duka. Hesabu yote imejengwa juu ya mauzo ya taslimu. Wanachama wakianza kuchukua mifuko na kuahidi kulipa mayai yakiuzwa, ghala litakuwa tupu na sanduku la fedha tupu vilevile, ilhali tarehe ya kiwanda haingoji mayai. Wafumaji wa Rochdale, waliofungua duka lao la ushirika huko Uingereza mwaka 1844, waliweka sharti la kuuza kwa taslimu tu, kwa kuwa walikwisha kuona maduka yaliyotangulia yakizama kwa madeni ya wanachama wake.

Dalili ya hatari huonekana mapema kwa katibu anayeitafuta. Siku ya 15, mifuko isiyopungua 20 iwe imekwisha kuuzwa, na fedha yake iwe benki. Ikiwa haikufika hapo, katibu asisubiri siku ya 30. Aende kiwandani siku hiyo hiyo, apeleke kiasi kilichopo, aonyeshe daftari, na kuomba tarehe mpya ya kiasi kilichobaki. Muuzaji huvumilia deni lililotangazwa mapema. Asilolivumilia ni ukimya unaoendelea mpaka atume mtu wa kudai.

Na mambo yakienda sawa, chama kilipe siku mbili tatu kabla ya tarehe, na stakabadhi ihifadhiwe katika jalada. Mzigo wa tatu ukifika, katibu hatakuwa na haja ya hoja ndefu. Ataweka stakabadhi hiyo mezani, kisha ataomba robo badala ya nusu, au bei ya taslimu kwa mifuko yote.