Pafu Linalofunga Kila Linapotoa Hewa

Mada kwa wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki wa vituo vya uzazi vya Kahawa Wendani na vitongoji vyake

Wenzangu, wengi wetu tunafanya kazi katika vituo vidogo kando ya barabara ya Thika, na mara kwa mara tunampokea mama ambaye uchungu umemshika wiki nyingi kabla ya siku zake. Mtoto anazaliwa, analia, na rangi yake si mbaya. Muda si mrefu anaanza kuguna. Kila anapotoa pumzi anakatiza hewa kwa sauti fupi kooni, mbavu zinabonyea ndani, na tundu za pua zinapanuka. Mtoto huyu hashindwi kuvuta hewa. Anashindwa kubaki nayo. Ningependa tulishike jambo hilo moja, kwa sababu matibabu yake yote yametokana nalo.

Pafu hutaka kusinyaa muda wote. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka, shinikizo ndani yake hupungua na hewa huingia. Kiwambo kikilegea, pafu hurudi lenyewe na hewa hutoka bila sisi kujikakamua. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard alionyesha kwamba nguvu hiyo ya kurudi haitokani na nyuzi za pafu peke yake. Alilijaza pafu hewa, kisha akalijaza kimiminika, na akakuta kwamba kwa kimiminika lilihitaji shinikizo dogo zaidi kufikia ujazo uleule. Ndani ya pafu lililojaa kimiminika hakuna mahali hewa inapokutana na maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuto ule hutoka kwenye utando mwembamba wa maji unaofunika vifuko vya hewa, ambao wakati wote unajaribu kupunguza eneo lake. Ndiyo sababu karatasi mbili za nailoni zilizolowa hugandamana na kuwa vigumu kuzitenganisha.

Hesabu yake ni fupi:

P = 2T / r

P ni shinikizo linalohitajika ili kifuko kisifunge, T ni mvutano wa uso wa maji, na r ni nusu kipenyo cha kifuko. Tuchukue kifuko cha mtoto aliyezaliwa mapema chenye nusu kipenyo cha milimita 0.05. Mvutano wa maji matupu katika joto la mwili ni karibu milinyutoni 70 kwa mita. Ukikokotoa, unapata shinikizo la sentimita 28 za maji, wakati wote, hata mtoto anapopumzika kati ya pumzi mbili. Hakuna kifua cha mtoto kinachoweza kulishikilia. Tena r iko chini ya mstari: kadiri kifuko kinavyopungua ndivyo kinavyohitaji shinikizo kubwa zaidi ili kisifunge, na kidogo humwaga hewa yake ndani ya kikubwa kilicho jirani. Pafu la maji matupu lingekuwa na vifuko vichache vilivyovimba na vingine vingi vilivyoziba.

Kinachotuokoa ni safaktanti. Hutengenezwa na seli za aina ya pili zilizo kwenye kuta za vifuko, na sehemu yake kubwa ni mafuta ya jamii ya fosfolipidi pamoja na protini kidogo. Molekuli zake hujipanga juu ya utando wa maji, kichwa majini na mkia hewani. Kushusha mvutano ni kazi ambayo hata sabuni hufanya, lakini safaktanti ina sifa ambayo sabuni haina. Kifuko kinapopungua mtoto anapotoa pumzi, eneo la utando hupungua, molekuli hubanana, na mvutano hushuka hadi karibu milinyutoni 5 kwa mita au chini yake. Rudieni hesabu ile kwa T ya 5: shinikizo linakuwa sentimita 2 tu. Yaani safaktanti hufanya kazi yake kubwa zaidi pale pale ambapo hatari ni kubwa zaidi, mwisho wa kutoa pumzi. Kifuko kidogo hakimezwi na kikubwa, na hewa kiasi hubaki ndani ikingoja pumzi ijayo.

Seli hizo huanza kuiweka akiba kuanzia wiki ya 24 hivi ya mimba, lakini kwa watoto wengi haitoshi hadi karibu wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa wiki ya 30 hufungua vifuko vyake kwa kilio cha kwanza, halafu vifuko hivyo hufunga. Pumzi ya pili inabidi ivifungue upya, na ya tatu, na ya elfu.

Hapo ndipo unyumbufu wa pafu unapoingia, yaani ni mililita ngapi za hewa zinaingia kwa kila sentimita moja ya shinikizo. Tuseme mtoto wetu ana kilo 1.2. Kila pumzi anahitaji takriban mililita 5 kwa kilo, jumla mililita 6. Pafu lake lingekuwa na unyumbufu wa mililita 1.5 kwa sentimita, angehitaji kuvuta kwa sentimita 4 tu. Lakini pafu lililoziba linaweza kuwa na mililita 0.3. Sasa anahitaji sentimita 20 kwa hewa ileile, na anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika. Mbavu zake bado ni gegedu laini, hivyo anapovuta kwa nguvu kiasi hicho kifua chenyewe hubonyea ndani badala ya pafu kupanuka. Mbonyeo mnaouona chini ya mbavu ni nguvu yake ikipotea bure. Baada ya saa kadhaa misuli huchoka, na mgunaji huyo hunyamaza. Nawasihi sana, kunyamaza kwa mtoto ambaye mbavu zake bado zinabonyea, huku pumzi zikianza kukatikakatika, kusichukuliwe kuwa nafuu.

Kuguna kwenyewe ni tiba ambayo mtoto anajipa. Anabana koo akitoa hewa ili shinikizo libaki ndani na vifuko visifunge. Mwaka 1968 Harrison, Heese na Klein, madaktari wa Cape Town, walieleza kwamba mtoto mwenye ugonjwa huu akiwekewa mrija kooni asiweze kuguna, oksijeni katika damu yake hushuka. Wakati huo chanzo kilikuwa kimeshajulikana: Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wamechapisha mwaka 1959 kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu hayakuwa na kitu cha kushusha mvutano. Lakini kujua hakukutosha. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na takriban kilo 2.1, akawekwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa huko Boston, na akafa kabla ya siku mbili kutimia. Shinikizo la chumba liliuzunguka mwili wote sawasawa, kifuani na mdomoni. Halikuacha tofauti yoyote ya kukizuia kifuko kisifunge. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco waliweka shinikizo lisilokatika ndani ya njia ya hewa yenyewe, na katika watoto 20 wakapona 16.

Njia hiyo ndiyo sipapu tunayoijua, na ile ya mapovu ndiyo inayofaa zaidi hospitali zetu. Hewa iliyochanganywa na oksijeni, yenye joto na unyevu, hupita kwenye vijirija vya puani. Mrija wa kutolea hewa umezamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha mrija ndani ya maji ndicho shinikizo: sentimita 5 au 6 za kina ni sentimita 5 au 6 za shinikizo. Mapovu yakiendelea bila kukatika, shinikizo lipo. Yakikoma wakati hewa inatiririka, inavuja mahali, na mara nyingi ni vijirija vidogo kuliko tundu za pua au mdomo ulio wazi. Angalieni pia kina cha maji, kwa sababu unyevu unaodondokea kwenye chupa hukiongeza polepole. Mrija wa tumboni uwe wazi ili hewa isijae tumbo na kukisukuma kiwambo juu. Mtoto aliyekuwa akiendelea vizuri akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua ukiacha kupanda, fikirieni pafu lililopasuka kabla ya kitu kingine. Na oksijeni tuipime: katika watoto hawa tunalenga kipimo cha oksijeni katika damu cha asilimia 90 hadi 95, kwa sababu inayozidi huharibu macho. Oksijeni peke yake haifungui kifuko kilichofunga.

Safaktanti ya kuingizwa kwenye koromeo ipo pia, tangu Tetsuro Fujiwara wa Japani alipoitumia kwa mafanikio mwaka 1980. Ni ghali, na inahitaji mtu aliyezoea kuingiza mrija. Haitatoka kwenye kabati la kituo cha Wendani.

Kinachoweza kutoka kwenye kabati hilo ni deksamethasoni. Sindano ya mama huziharakisha seli za aina ya pili zikomae: miligramu 6 kila baada ya saa 12, dozi nne. Hapa nawaomba tusikimbie, kwa sababu ushahidi wa Kenya una pande mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika nchi sita ikiwemo magharibi mwa Kenya, ulieneza sindano hii hadi vituo vya ngazi ya chini. Vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo havikupungua, na vifo vya watoto wote kwa jumla viliongezeka. Mwaka 2020 utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwemo, ulipata kinyume. Wanawake 2,852 walishiriki, na vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa dawa dhidi ya 23.5 kwa wasiopewa. Dawa ni ileile. Katika ule wa pili umri wa mimba ulipimwa kwa picha ya mawimbi, na mtoto alizaliwa mahali palipo na huduma ya watoto wachanga. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu kwa sehemu kubwa: dawa hii ni ya mama ambaye umri wa mimba yake unajulikana, kati ya wiki 24 na 34, anayetarajiwa kujifungua ndani ya siku saba, asiye na dalili za maambukizi, na anayekwenda kuzalia mahali penye sipapu. Asiyetimiza hayo, kumdunga kwa bahati nasibu si wema.

Kwa hiyo mama wa wiki 30 akifika kwetu uchungu ukiwa bado mapema, bora mtoto asafiri akiwa tumboni. Kutoka Wendani, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko jirani, na Thika Level 5 iko mwendo wa barabara kuu. Pigeni simu kwanza mjue kama kuna nafasi na sipapu iliyo wazi. Ikiwa mtoto keshazaliwa, asafiri kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, amekaushwa, ikiwa hali yake inaruhusu. Baridi na upungufu wa oksijeni hudhoofisha utengenezaji wa ile safaktanti kidogo aliyo nayo, na msongamano wa magari wa jioni unaweza kuumaliza muda wote tuliokuwa nao. Katika barua ya rufaa tuandike umri wa mimba na jinsi ulivyokadiriwa, saa kamili ya kila dozi ya deksamethasoni, saa ya kuzaliwa, joto la mtoto alipoondoka, na saa alipoanza kuguna.