Mayai Yakipungua Ghafla, Mfugaji Aanzie Wapi?

Mazungumzo kwa wafugaji wa kuku wa mayai, Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale

Mayai yakipungua, wengi hukimbilia duka la dawa. Dawa huja mwisho. Kwanza ni daftari, kisha maji, chakula na taa, halafu ndipo maradhi.

Chukueni mfano wa mfugaji mwenye kuku 60 juu ya dari ya nyumba ya Mji wa Kale, mwezi wa Februari. Alikuwa akiokota mayai 48 kwa siku, yaani asilimia 80. Kwa muda wa siku nne yakashuka hadi 30, ambayo ni asilimia 50. Kuku akizeeka hupunguza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Kushuka kwa siku nne kuna jambo lililobadilika bandani.

Swali la kwanza ni kama mayai hayatagwi au yanapotea. Kunguru wa hapa Mombasa hudokoa mayai mchana, na panya huyabeba usiku. Mfugaji huyu aliokota mara nne kwa siku, akachungua viota na hakuona maganda wala utelezi wa yai lililovunjika. Basi kuku hawakuwa wakitaga.

Pili ni taa. Kuku wa mayai hutaga vizuri akipata mwangaza wa kama saa 16. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hivyo mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na tofauti haizidi nusu saa. Hapa msimu haupunguzi mwangaza. Kinachoupunguza ni tokeni za umeme kuisha, balbu kuungua au ukuta mpya wa jirani. Taa ya mfugaji huyu ilikuwa ikiwaka kila jioni hadi saa nne usiku, na haikukatika.

Tatu ni chakula. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hivyo kuku 60 wanahitaji kilo 7 na kidogo. Alipopima, walikuwa wanakula kilo 5 tu. Unyevu wa pwani huotesha ukungu upesi, basi akafungua gunia jipya, akalinusa na kulifikicha. Lilikuwa kavu, halina harufu, na bado kuku hawakulimaliza. Kuku asiyekula chakula kizuri mara nyingi ana joto, ana kiu au ni mgonjwa.

Hapo ndipo maji yakajulikana. Kuku 60 hunywa kama lita 15 kwa siku ya kawaida, na wakati wa joto la kaskazi wanaweza kunywa maradufu. Yeye alijaza lita 15 asubuhi, na kufika saa nane mchana vyombo vilikuwa vikavu. Yaliyobaki ndani ya bomba juani yalikuwa moto, na kuku huyakataa maji moto. Kuku asiyekunywa hali, na asiyekula hatagi.

Alivuta kivuli juu ya tangi na mabomba, akajaza maji mara tatu kwa siku, na chakula kingi akakitoa alfajiri na jioni kukiwa na ubaridi. Mayai hayakurudi kesho yake. Kiini huchukua kama siku 10 kukomaa, kwa hivyo subira ya wiki mbili au tatu ni ya kawaida. Anayebadilisha jambo kila siku hatajua lipi lilisaidia.

Lakini kuna dalili zisizongoja subira. Maganda yakitoka meupe kwa kuku wa mayai ya kahawia, yakiwa laini au yenye mikunjo, na ute ukiwa majimaji, shukuni mkamba wa kuku au kideri. Pakiwa na kukohoa, kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo, shuku inazidi. Mfugaji huyu hakuona hata moja kati ya hizo, maganda yake yalibaki na rangi yake. Ndiyo maana alikuwa na nafasi ya kuchunguza kwa utaratibu.

Mwenye kuona dalili hizo asiuze kuku, asigawe mayai wala asitupe mizoga baharini au jaani. Afunge banda na amwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Afisa anaweza kupeleka sampuli katika maabara ya uchunguzi wa mifugo iliyoko Mariakani. Antibiotiki haiui virusi vya kideri, na mabaki yake huingia kwenye mayai ya kuliwa. Chanjo nayo hukinga kuku wazima, haitibu walioanza kuugua.

Afisa akija atauliza mayai mangapi, chakula kilo ngapi, maji lita ngapi, na tangu lini. Mwenye daftari atamjibu kwa dakika moja.