Kabla mkono haujafika rafuni

Msikilizaji, pita duka lolote la dawa jioni, watu wanapotoka kazini. Mama anafika kaunta, hajamaliza kusema "Naomba Flajili ya mtoto," mhudumu ameshampa kisogo na mkono uko rafuni. Punde dawa iko mezani, bei imetajwa, chenji imerudishwa. Mwenye duka akiona hivyo hujisifu kwamba kijana wake ni mwepesi. Kwa maoni yangu, huyo kijana ndiye wa kufundishwa kwanza.

Nasemea hasa maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 na leo yapo hadi vijijini. Mhudumu wa duka hilo amesomea kutoa dawa, na dozi anazijua. Namna ya kumpokea mtu, kumsikiliza na kumtatulia shida ndogo palepale kaunta, hiyo anaifundishwa na mwenye duka, na wenye maduka wengi hawaifundishi. Wanabandika ukutani karatasi ya "Mteja ni Mfalme," basi.

Tuanze na salamu, ambayo haihitaji muda mrefu. Mzee akiingia, kijana atangulie kumwamkia. Mtu akikuta unahudumia mwingine, mwinulie macho, mwambie "Karibu, nakuja sasa hivi," na atasubiri bila kununa. Mwenye uso wa mgonjwa au mwenye mtoto mgongoni, pole itangulie habari. Mwenye duka akishasema hayo mara moja, asimamie tu yafanyike.

Kazi ngumu ni sauti. Binti ameomba kipimo cha mimba kwa kunong'ona, mhudumu anageuka na kumpigia kelele mwenzake aliye stoo: "Vile vipimo vya mimba bado vipo?" Nyuma ya binti yupo jirani yake amekuja kununua dawa ya mafua. Binti huyo hamtamwona tena, wala hatalalamika. Atapanda daladala akanunue mtaa wasikomjua. Dawa yake ni kuweka utaratibu: bidhaa za namna hiyo zikae karibu na kaunta, zisitajwe kwa sauti, na zitiwe kwenye bahasha ya kaki kabla hazijawekwa mezani. Kama ni lazima kumuuliza mwenzako, nenda mwenyewe hadi alipo.

Sasa kusikiliza. Hakufundishwi kwa hotuba. Kunahitaji watu watatu na dakika kumi kabla ya kufungua duka. Mmoja awe mteja, mmoja mhudumu, wa tatu mwangalizi. Mteja apewe kikaratasi asichokionyesha, kimeandikwa kwa mfano: mtoto wa miezi minane, anaharisha maji tangu jana, hakuna damu, bado ananyonya, jirani amesema nunua Flajili. Mteja aseme jambo moja tu, "Naomba Flajili ya mtoto." Mengine mhudumu ayatafute mwenyewe. Mwangalizi asipewe mambo kumi ya kukagua. Ahesabu kitu kimoja: maswali mangapi yameulizwa kabla mkono haujafika rafuni.

Mara ya kwanza jibu huwa sifuri. Mara ya pili mhudumu anauliza kama askari kituoni: umri, siku ngapi, damu ipo, hapana au ndiyo. Mteja anabanwa, anajibu kwa mkato. Hapo mwenye duka aingilie, amfundishe kuanza na swali linalomwacha mtu aeleze: "Pole mama, mtoto anasumbuliwa na nini?" Kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda vijana, maana mtu akivuta pumzi kidogo tu wanamkatiza. Mama akiachwa atasema mwenyewe kwamba mtoto ameharisha usiku kucha, kwamba amempa maji ya mchele, kwamba hajui kama aendelee kumnyonyesha. Vinavyobaki kuulizwa vitakuwa viwili vitatu.

Tuendelee na huyo huyo mama. Mhudumu aliyesikiliza anajua sasa kwamba mtoto anayeharisha maji bila damu kwa kawaida hahitaji Flajili. Anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki. Lakini usimwambie mama "hiyo siyo dawa yake" ukaishia hapo, kwa sababu amekuja na ushauri wa jirani anayemheshimu. Mwambie kinachohatarisha mtoto sasa ni kupungukiwa maji mwilini, ndiyo maana unaanza na haya. Muulize pia kama mtoto anashindwa kunywa, kama anatapika kila kitu, kama macho yamedidimia au amelegea. Likiwepo mojawapo, au kukiwa na damu, hapo si pa kuuza. Aende kituo cha afya sasa hivi, na mhudumu amwelekeze njia.

Tuseme hayapo. Pakiti ya ORS imeandikwa lita moja ya maji safi. Hapa ndipo tatizo dogo linapojificha. Nyumbani chupa iliyopo mara nyingi ni ile ya lita moja na nusu. Mama ataijaza, na dawa itakuwa nyepesi mno. Au atakoroga pakiti nzima kwenye kikombe, na chumvi itazidi, jambo la hatari kwa mtoto. Mhudumu aliyefundishwa anauliza: "Mama, nyumbani utapimia nini?" Akisikia jibu, anampa chupa mbili tupu za nusu lita alizozihifadhi chini ya kaunta, zilizooshwa. Pakiti moja, chupa mbili. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Zinki nayo ina mtego wake. Mtoto aliyevuka miezi sita hupewa kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, mama ataacha. Kwa hiyo kabla hajaondoka mhudumu aseme, "Hebu nielekeze, ukifika utampaje?" Mama akisema ataacha mtoto akipata nafuu, mhudumu asimcheke. Ajue yeye ndiye hakueleweka, aeleze upya. Ukiona watu wanarudi kesho yake kuuliza "hivi ulisema mara ngapi?", ujue swali hilo halikuulizwa kaunta.

Limebaki jambo linalowagusa wenye maduka moja kwa moja. Mama amefika na hela pungufu kidogo, au amerudi kulalamika kwamba alirudishiwa chenji pungufu. Mhudumu anasema, "Subiri nimpigie bosi." Bosi hapokei. Foleni inarefuka, mama anafedheheka mbele za watu. Mpe mhudumu kiwango chake, tuseme shilingi elfu tano kwa siku, akitumie kwa akili yake bila kuomba ruhusa, mradi akiandike daftarini. Kuna la kukataa, hilo nalo afundishwe: dawa iliyokwisha kutoka dukani haipokewi ili iuzwe tena, kwa kuwa hakuna ajuaye ilikaa wapi, juani au karibu na jiko. Akatae kwa kutoa sababu hiyo, si kwa kuonyesha kidole tangazo la ukutani.

Na dawa isipokuwepo, asiseme "hakuna" na kurudi kwenye simu yake. Aandike jina la dawa na namba ya mteja, aseme mzigo unaingia siku gani, na siku hiyo apige. Mwenye duka apitie daftari hilo kila Jumamosi, aangalie namba zilizoandikwa na zilizopigiwa. Zisipolingana, Jumatatu asubuhi kuwe na mazoezi ya dakika kumi, safari hii mwenye duka mwenyewe akiwa mteja.